Kuiandaa chatiboti iwe mwenzako wa mazoezi ya Kiingereza

Wengi wenu mmezoea kuja hapa kusoma habari za mbolea, viuatilifu na bei za sokoni. Leo nazungumzia Kiingereza, na sababu yake ni ya shambani kabisa.

Hapa Njombe parachichi la Hass limetuletea wanunuzi wasiojua Kiswahili. Wapo wanaotuma ujumbe wa WhatsApp tu, na wapo wanaofika wenyewe na gari mpaka shambani. Kati yao na mkulima husimama dalali anayetafsiri. Madalali wengine ni watu wa kweli, wengine wanatafsiri nusu na nusu wanabaki nayo. Kikundi kimoja ninachokihudumia kiliambiwa na dalali kwamba bei ni shilingi 1,500 kwa kilo. Baada ya kuuza, katibu wa kikundi alinionyesha kwenye simu ujumbe wenyewe wa mnunuzi. Ulisomeka hivi:

```
We pay 1,500 per packed kilo.
```

Hilo neno "packed" ndilo lililokuwa na fedha. Maana yake ni kilo iliyofungashwa, yaani matunda yaliyobaki baada ya kiwanda kutoa madogo, yenye makovu na yaliyochubuka. Kikundi kilipeleka tani 3, kikahesabu milioni 4 na laki 5. Kwenye uchambuzi zikatolewa kilo 600, wakalipwa milioni 3 na laki 6. Mnunuzi hakuwa ameficha kitu, alikiandika wazi. Ila hakuna mwanakikundi aliyekisoma.

Katibu huyo ni mama mwenye kidato cha nne. Kiingereza cha kusoma anacho kidogo, cha kuongea hathubutu. Aliniambia, "Bwana shamba, maneno ninayo kichwani. Tatizo nikifungua mdomo mbele ya mgeni, na wanakikundi wapo pale, nahisi wote wananicheka." Alichohitaji ni mahali pa kukosea bila kuchekwa, na mtu wa kumnyoosha polepole. Kijijini mtu huyo si rahisi kumpata saa mbili usiku baada ya kupika na kulaza watoto. Chatiboti unaweza kuipata saa hiyo, mradi simu ni janja na bando lipo.

Kwa asiyeijua, chatiboti ni programu ya akili mnemba unayochati nayo kama unavyochati na mtu WhatsApp. Zinazojulikana zaidi ni ChatGPT na Gemini, zote zinapatikana Play Store, na zote zina matumizi ya bure yenye kikomo. Kuchati kwa maandishi hakuli bando sana. Kuongea nayo kwa sauti ndiko kunakokula, kwa hiyo anza na maandishi.

Sasa, kuipakua ni jambo dogo. Kazi ni kuiandaa, na hapa ndipo wengi wanapopoteza muda wao.

Ukiifungua tu na kuanza kuandika Kiingereza chako, itakuelewa. Inaelewa Kiingereza kibovu vizuri mno, na hilo ndilo tatizo lake. Katibu wetu alikuwa amechati nayo wiki nzima kabla hajaja kwangu. Aliandika sentensi kama hii:

```
Buyer he come tomorrow, avocado is ready since Monday.
```

Nayo ikamjibu vizuri kabisa kuhusu kuvuna na kupoza matunda. Hakuna mahali ilipomwambia kwamba sentensi ina kasoro. Mtu anaweza kuchati hivyo mwaka mzima, akazidi kuwa mwepesi wa kuandika makosa yale yale.

Wengine wanaigundua hali hiyo, wanaandika amri fupi: nirekebishe makosa yangu. Hapo inageuka kuwa mwalimu mkali. Kwa sentensi moja inaleta marekebisho matano au sita, kila moja na jina lake la kisarufi, na yote kwa Kiingereza. Mtu aliyetoka shambani anasoma mstari wa kwanza, wa pili, anazima simu. Nimewaona watu watatu walioishia hapo na kusema akili mnemba si ya wakulima.

Kinachotakiwa kiko katikati, na unakipata kwa kuipa maelekezo kabla ya mazungumzo. Maelekezo yaandike kwa Kiswahili, inakielewa. Haya ndiyo tuliyoyaandika na katibu, baada ya kuyabadilisha mara kadhaa:

```
Wewe ni mnunuzi wa parachichi asiyejua Kiswahili.
Mimi ni katibu wa kikundi cha wakulima, najifunza Kiingereza.
Ongea nami kwa Kiingereza rahisi, sentensi mbili tu kila mara.
Nikikosea, kwanza jibu nilichosema.
Kisha anza mstari mpya kwa neno SAHIHI na uandike
sentensi yangu ikiwa imenyooshwa.
Chini yake eleza kosa MOJA kwa Kiswahili, kwa maneno yasiyozidi 15.
Chagua kosa linaloweza kubadili maana. Mengine yaache.
Subiri niirudie sentensi hiyo, ndipo uniulize swali jingine.
Nisipokosea, usiandike SAHIHI na usinisifu. Endelea na mazungumzo.
```

Nakili maneno hayo, yabandike kama ujumbe wa kwanza, tuma. Yahifadhi pia mahali pengine kwenye simu, kwa mfano kwenye ujumbe unaojitumia mwenyewe WhatsApp, kwa sababu utayahitaji tena.

Nieleze kwa nini mistari ile imekaa hivyo, ili ukitaka kubadilisha ujue unagusa nini.

Nimeipa kazi ya kuwa mnunuzi kwa sababu ukiiachia ichague mada, itakuuliza kuhusu sinema, likizo na chakula unachokipenda. Utajifunza maneno ya hotelini huku ya uchambuzi wa matunda huyajui. Nimeiwekea sentensi mbili kwa sababu kwa kawaida yake inapenda kuandika aya nzima, na mtu mwenye Kiingereza kidogo akikutana na aya anasoma badala ya kuongea. Wewe ndiye unayetakiwa kuandika mengi.

Kuhusu kujibu kwanza na kurekebisha baadaye: huo ndio upole wenyewe. Mtu akikwambia shambani kwake kuna ugonjwa, ukaanza kwa kumsahihisha jina la ugonjwa, hatakwambia la pili. Unamsikiliza kwanza. Chatiboti nayo ikijibu hoja yako kwanza, unajua umeeleweka, na marekebisho yanakuja ukiwa umetulia.

Lakini upole una kiasi chake. Mwaka 1997 watafiti wawili, Roy Lyster na Leila Ranta, walichapisha utafiti waliofanya Kanada katika madarasa ya watoto waliokuwa wakisoma masomo yao kwa Kifaransa, lugha isiyo ya nyumbani kwao. Njia iliyotumiwa zaidi na walimu ilikuwa kuirudia sentensi ya mtoto ikiwa imenyooshwa, bila kumwambia kwamba alikosea. Ni njia nzuri kwa sikio, haimuumizi mtu. Ila katika njia zote walizozihesabu, hiyo ndiyo iliyowafanya watoto wachache zaidi wajirekebishe. Huenda wengi walidhani mwalimu anakubaliana nao tu.

Ndiyo maana nimeweka neno SAHIHI kwa herufi kubwa mwanzo wa mstari. Halina ukali wowote, ila huwezi kulipita bila kuliona. Na ndiyo maana chatiboti inasubiri uirudie sentensi. Kuisoma sentensi sahihi na kuiandika kwa vidole vyako ni vitu viwili tofauti, kama ilivyo kumtazama mtu akipunguzia matawi na kushika mkasi mwenyewe.

Kosa moja kwa mara moja linawasumbua baadhi ya watu. Wanauliza, je, yale mengine hayataota mizizi? Jibu langu ni kwamba yatarudi, na yakirudi yatapata zamu yake. Katika sentensi ya katibu ile ya juu kuna makosa kadhaa, yakiwemo haya matatu: "he" isiyohitajika, "come" isiyo na alama ya wakati ujao, na "is" mahali pa "has been". Lililobadili maana ni la wakati. Mnunuzi akisoma "come" anaweza asijue kama anaulizwa, anaambiwa au anaamriwa. Mengine mawili yanachosha sikio tu, mzigo utafika hata hivyo.

Na kusifu nimekataza kwa makusudi. Programu hizi zina tabia ya kukumwagia pongezi hata kwa sentensi mbovu. Pongezi zikiwa kila mstari huwezi kujua lini umepatia kweli. Kwa maelekezo haya, ukiona hakuna SAHIHI, umepatia.

Kabla ya kuiamini, ijaribu kama unavyojaribu mbegu kabla ya kupanda shamba zima. Iandikie sentensi tatu, moja moja, huku ukijua majibu yake:

```
We has picked forty crates.
The truck come yesterday.
We have picked forty crates.
```

Ya kwanza inatakiwa kurekebishwa kuwa "We have", ya pili kuwa "came", na ya tatu iachwe bila SAHIHI. Ikiacha ya kwanza ipite, maelekezo hayajashika, yabandike tena. Ikiirekebisha ya tatu, inakupambia lugha, na hilo ni kosa linalotokea sana. Inachukua sentensi nzuri ya kawaida, inaigeuza iwe ya kupendeza zaidi, wewe unadhani ulikosea. Dawa yake ni kuongeza mstari huu: Rekebisha makosa tu, usiipambe sentensi iliyo sahihi.

Kuna jambo la simu yenyewe ambalo watu hawalikumbuki. Kibodi nyingi zinakurekebishia maneno kimyakimya unapoandika. Unaandika "recieve", kibodi inaweka "receive", chatiboti inaona neno safi, na wewe hujajua kitu. Kwenye kibodi ya Gboard ingia sehemu ya mipangilio, utafute "Auto-correction", uizime. Kuandika kutakuwa kwa taabu siku mbili za mwanzo. Iache hivyo hivyo.

Sasa nifike kwenye sehemu ninayoiona muhimu kuliko zote, na ambayo sijaona ikielezwa kwa Waswahili. Chatiboti inarekebisha kosa inaloliona. Sisi tunaofikiri kwa Kiswahili tuna makosa ambayo Kiingereza chake ni safi kabisa, ila maana yake si tuliyokusudia. Hayo haiwezi kuyaona mpaka uiambie mapema.

La kwanza ni saa. Sisi tunaanza kuhesabu saa jua linapochomoza, Kiingereza kinaanza usiku wa manane na tena mchana wa katikati. Katibu aliandika hivi kwenye mazoezi:

```
Please send the truck at three o'clock.
```

Sentensi haina kasoro hata moja. Chatiboti iliipokea na kuendelea. Yeye alikuwa na maana ya saa tatu asubuhi. Mnunuzi halisi angeleta gari saa tisa alasiri, na matunda yaliyochumwa alfajiri yangekaa kwenye kreti saa sita zaidi ya ilivyopangwa, pengine juani. Alitakiwa kuandika "nine in the morning". Hakuna mwalimu wa sarufi anayeweza kulikamata kosa hilo bila kujua kwamba anayeandika ni Mswahili.

La pili ni "Yes" na "No". Kwa Kiswahili mtu akikuuliza, "Hamjapulizia dawa wiki hii?" ukajibu "Ndiyo", umekubali alichosema, yaani hamjapulizia. Kwa Kiingereza swali hilo hilo hujibiwa "No" likiwa na maana hatujapulizia. Ukijibu "Yes", mnunuzi anaweza kuelewa kwamba mmepulizia, na kama siku za kusubiri kabla ya kuvuna hazijatimia, hatachukua mzigo wenu. Vilevile kinyume chake ni hatari: kikundi kimepulizia juzi, kinajibu "No" kikimaanisha hapana, si kweli unavyosema, na matunda yenye masalia ya dawa yanapanda gari. Njia salama ni kutojibu kwa neno moja:

```
No, we have not sprayed this week.
Yes, we sprayed on Monday.
```

La tatu ni kuazima. Kiswahili chetu kinatumia neno hilo kwa anayetoa na anayepokea. Unasema "niazime kreti" na "nimeazima kreti", na watu wanaelewa kwa namna sentensi ilivyokaa. Kiingereza kina maneno mawili: anayetoa ni "lend", anayepokea ni "borrow". Ukiandika "we borrow you 100 crates", chatiboti kwa kawaida itaona kwamba kuna tatizo. Lakini ukiandika "we lend 100 crates from you" inaweza kukunyoosha upande wowote kati ya hiyo miwili, kwa sababu haijui kreti ni za nani. Na suala la kreti ni za nani, wenzangu mnajua linavyovunja vikundi.

Kwa hiyo chini ya yale maelekezo tukaongeza haya:

```
Lugha yangu ni Kiswahili na nahesabu saa kwa Kiswahili.
Kila nikitaja saa, niandikie hiyo saa kwa Kiswahili nihakikishe.
Niulize mara kwa mara maswali ya kukanusha.
Nikijibu "Yes" au "No" peke yake, niombe sentensi kamili.
Nikitumia "lend" au "borrow", niulize kwa Kiswahili
nani anatoa na nani anapokea.
```

Hayo yanatosha kwa kuanzia. Usijaze maelekezo ishirini, kwa sababu yakiwa mengi inaanza kuyaruka baadhi.

Na hata yakiwa machache, mazungumzo yakiwa marefu inalegea. Utaona dalili mapema. Sentensi zake zinakuwa nne badala ya mbili, pongezi zinarudi, SAHIHI inapotea ingawa unajua kabisa umekosea. Ukiona hivyo usigombane nayo, bandika maelekezo upya au fungua mazungumzo mapya. Katibu wetu anafungua mapya kila jioni, dakika 20, basi. Kwa dakika hizo anapata mizunguko kama kumi ya kuandika na kurudia. Zaidi ya hapo anasema akili inachoka na anaanza kuandika ilimradi.

Niwape jioni yake moja, maana nilikuwa nimekaa naye ofisini kwangu siku hiyo. Swali lililokuja lilihusu kiasi cha matunda kilichopo. Akaandika:

```
It has remained 40 crates in the store.
```

Ni Kiswahili chetu hicho, "zimebaki kreti 40", kimevaa nguo za Kiingereza. Kwenye kioo, baada ya jibu la mnunuzi, ukaja mstari wa SAHIHI ukiwa na sentensi hii:

```
There are 40 crates left in the store.
```

Chini yake maelezo ya Kiswahili, kwamba kwa vitu vilivyobaki hutumika "there are" na "left". Akairudia. Mara ya kwanza akaandika "there is". Ikaja SAHIHI nyingine, safari hii juu ya "is" na "are". Akacheka mwenyewe, akaandika tena, ikapita. Mzunguko wa nne alihitaji kusema kwamba zimebaki siku mbili mpaka mavuno, akaandika "there are two days left" bila kusita. Nilimwambia hiyo aiandike kwenye daftari. Sentensi inayokwenda daftarini ni ile uliyoirudia na kisha ukaitumia tena mwenyewe, si kila kinachopita kwenye kioo.

Daftari hilo, mpaka leo, lina ukurasa mmoja na nusu. Sioni kwamba ni kidogo.

Matamshi ni suala jingine. Maandishi hayatakwambia kama unachanganya "l" na "r", na sisi wengi tunachanganya. Jaribio rahisi ni kipaza sauti cha kibodi. Weka lugha ya kibodi iwe Kiingereza, gusa alama ya kipaza sauti, sema sentensi fupi, kisha usome imeandika nini. Jaribu hizi mbili:

```
The road is bad.
The load is bad.
```

Ya kwanza ni barabara mbovu, ya pili ni mzigo mbovu. Wakati wa masika kila mtu huku anamwambia mnunuzi kwamba barabara ni mbovu. Ukiisema vibaya unamwambia usije, matunda yameharibika. Tumia sentensi fupi kama hizo, kwa sababu ukisema ndefu simu inabashiri neno kutokana na maneno ya jirani na kukuficha kosa. Ikiandika ulichokusudia mara tatu mfululizo, nenda kwenye nyingine.

Mipaka yake nayo uijue. Ukibishana nayo inaweza kukubali tu ili yaishe. Jaribu siku moja, ikikurekebisha vizuri iambie kwamba imekosea; mara nyingine itaomba radhi na kukupa sentensi mbovu. Kwa hiyo ukiwa na shaka usiitatue shaka hiyo kwa kuiuliza tena. Andika sentensi kwenye daftari na alama ya kuuliza, umpelekee mwalimu wa Kiingereza wa shule ya kata au uangalie kamusi. Pia, ikiwa inaigiza mnunuzi, bei inazotaja ni za kuigiza. Kuna mkulima alinipigia akiuliza kama kweli Ulaya wanalipa hivyo. Alikuwa amesoma bei kwenye mazoezi yake. Na dawa za kupulizia msiiulize, njooni kwangu au someni kibandiko cha chupa.

Mikataba msiibandike mle ikiwa na majina, namba za NIDA, namba za simu na akaunti za benki. Ukitaka kufanya mazoezi ya kipengele fulani cha mkataba, andika sentensi hiyo moja tu, na jina la mtu uweke neno mnunuzi au kikundi.

Baada ya kama miezi miwili ya jioni hizo, mnunuzi mwingine alituma bei. Katibu hakumpigia dalali. Alimwandikia mwenyewe:

```
Is this price for delivered kilos or packed kilos?
```

Jibu lilikuja kwamba ni kwa kilo zilizofungashwa. Kikundi kikakaa, kikaomba uchambuzi ufanyike hapa kijijini mbele ya wanakikundi kabla ya kupima. Mnunuzi alikubali kuchambua hapa, bei akaikatalia. Yaliyokataliwa safari hiyo waliyaona kwa macho, wakayauza soko la ndani siku hiyo hiyo badala ya kuyaachia kiwandani. Ana kwa ana bado anamtaka dalali akae pembeni, na sioni ubaya. Sasa anasikia akitafsiriwa nusu.

Kama wewe si wa parachichi, badilisha mistari miwili ya mwanzo tu. Muuza mboga anayepeleka hotelini aandike kwamba chatiboti ni mpishi mkuu wa hoteli. Anayepokea watalii shambani kwake kuonyesha kahawa aandike kwamba ni mgeni anayeuliza maswali. Mistari ya marekebisho, saa, na "Yes" na "No" iache kama ilivyo. Ukikwama kuyabandika, njoo na simu yako ofisi ya kata Jumatatu asubuhi, ndiyo siku ninayokaa ofisini. Na ukija saa tatu, nitajua una maana ya saa tatu.